Ufafanuzi wa tangazo la afya sokoni: mitaro, mapipa ya taka na vibanda vya chakula

Kwa wafanyabiashara wote, hasa wenye meza zinazopakana na mtaro na wanaouza chakula kilichopikwa.

Tangazo lililobandikwa langoni lina mistari mitatu tu: mitaro isafishwe na maji yatiririke, kila safu iwe na mapipa ya taka yenye mifuniko, na chakula kilicho tayari kuliwa kiuzwe kikiwa kimefunikwa, chini ya paa. Limesema kinachotakiwa bila kueleza kinavyofanywa, na hiyo ndiyo kazi ya ufafanuzi huu. Tutakaa kwenye mtaro kuliko kwingine, kwa sababu pipa bovu na kibanda kibovu hujulikana mtaroni kwanza. Maganda yaliyofurika pipani huishia humo, na mafuta ya kukaangia hugandia humo.

Mtaro: kwanza jua kwa nini maji yamesimama

Safu nyingi zikiona tangazo la namna hii hukodi vijana wenye mabeleshi, tope linatolewa, na wiki mbili baadaye maji yamesimama palepale. Vijana hawana kosa. Walitoa tope bila mtu kuuliza lilikaaje pale. Maji husimama kwa sababu mojawapo kati ya tatu: kuna kitu kimeziba, sakafu ya mtaro haina mteremko, au sakafu ni pana na bapa kiasi kwamba maji kidogo ya kila siku hayapati nguvu ya kubeba uchafu. Sababu ya kwanza inatibiwa kwa beleshi. Mbili zilizobaki hazitibiwi kwa beleshi hata mkisafisha kila asubuhi.

Usafishaji uanzie mwisho wa mtaro, pale unapomwaga maji kwenye mfereji mkuu, kisha mpande kurudi juu. Ukianzia juu unasukuma tope kuelekea palipoziba na unafanya kazi ndani ya maji. Ukianzia chini, maji yanaondoka kadiri unavyofungua njia. Wanaoingia mtaroni wavae buti za mpira na glavu nene, kwa kuwa ndani ya tope la sokoni kuna vioo, misumari na visu vilivyopotea. Tope linalotolewa lisilale kingoni hata usiku mmoja. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote: mvua moja, au miguu ya wateja tu, hulirudisha lote ndani. Toroli iwe tayari kabla beleshi la kwanza halijainuliwa, na mjue mapema tope linapelekwa wapi.

Mtaro ukishakuwa mtupu, upimeni kwa maji. Mwagieni ndoo mbili za lita 20 kwenye kichwa cha mtaro kwa mkupuo, mdondoshe jani juu ya maji, kisha mtu mmoja alifuate akitembea. Linapopunguza mwendo, atie alama ya chaki ukingoni. Subirini nusu saa, halafu mrudi kukagua. Maji yaliyobaki katika vidimbwi viwili vitatu vya urefu wa hatua moja yanaonyesha kwamba sakafu ina mabonde ya kuzibwa. Yakibaki kama ukanda mrefu, tatizo ni mteremko, na hapo kipimo kinahitajika.

Kupima mteremko kwa mpira wa maji

Pima maji ya fundi ujenzi haitoshi kwa mtaro mrefu, maana ni fupi na kosa lake dogo hujirudia mita baada ya mita. Tumieni mpira mwangavu unaozidi urefu wa mtaro kwa mita mbili hivi, mkiujaza maji taratibu mpaka mapovu yote yatoke. Povu moja likibaki ndani, kipimo chote ni cha uongo. Maji kwenye ncha mbili za mpira hukaa usawa uleule popote zilipo, kwa hiyo mnaweza kufunga uzi ulionyooka sawasawa kutoka kichwa cha mtaro hadi mwisho wake. Kisha pimeni kwa futi kutoka kwenye uzi kwenda chini hadi sakafuni, kila baada ya mita 5 au 10.

Chukua mfano wa safu yenye meza 20 na mtaro wa mita 30, upana sentimita 40. Kutoka kwenye uzi hadi sakafuni, kichwani ni sentimita 40. Kwenye mita ya 10 ni 48.5, mita ya 20 ni 57, na mwisho ni 58. Ukitazama jumla, mtaro umeshuka sentimita 18, na mtu anaweza kusema mteremko upo. Lakini 17 kati ya hizo zimeisha katika mita 20 za kwanza. Mita 10 za mwisho zina sentimita moja tu, na ndiko maji yanakosimama, ndiko tope linakorudi kila wiki mbili.

Wengi hapa huamua kuchimba mwisho wa mtaro ushuke zaidi. Haiwezekani ikiwa sakafu ya mfereji mkuu ipo usawa uleule, maana maji ya mfereji mkuu yataanza kurudi kwenu. Dawa yake ni kugawa upya mteremko mlio nao. Sentimita 18 kwa mita 30 ni milimita 6 kwa kila mita. Kinachopendeza ni sentimita moja kwa mita, lakini milimita 6 zinatosha umbo la sakafu likiwa zuri. Chini ya milimita 5 mtaro huanza kubakiza mchanga. Kwa mteremko huo mpya, kina kutoka kwenye uzi kinatakiwa kuwa 40, 46, 52 na 58. Kwa hiyo mita ya 10 inainuliwa kwa sentimita 2.5 na mita ya 20 kwa sentimita 5. Ncha mbili zinabaki zilivyo, wala hakuna haja ya kuvunja mtaro.

Kujaza huko kufanywe kwa saruji moja kwa mchanga safi tatu. Sakafu ya zamani itindwe kwa patasi ipate ukwaru, ioshwe mafuta yote kwa sabuni, kisha ipakwe uji wa saruji kabla ya tabaka jipya. Saruji haishiki kwenye mafuta, na tabaka linalobanduka baada ya mwezi ni kikwazo kipya kwa maji. Pale tabaka linapoishia kwa unene wa karibu sifuri, tindeni sakafu ya zamani kiasi cha sentimita 2 ili jipya lipate mwili. Likiwa jembamba kama karatasi litamomonyoka kwa ndoo ya kwanza.

Mkiwa bado na saruji mbichi, rekebisheni na umbo. Sakafu pana na bapa inafaa siku ya mvua kubwa tu. Siku nyingine maji yanayopita ni ya kunawa, ya kuoshea mboga na ya kusuuzia samaki. Yakitandazwa kwenye upana wa sentimita 40 yanakuwa utando wa milimita chache usioweza kusukuma hata punje ya mchanga. Inamisheni sakafu kutoka kuta zote mbili kuelekea katikati kwa sentimita 2, na katikati mgandamize kipande cha bomba la inchi 4 ili kipatikane kijifereji cha duara. Maji yaleyale yakibanwa humo yanakuwa na kina, yanakwenda mbio, na yanajisafishia njia. Kwa mtaro wa mfano wetu, kazi yote inahitaji kama mifuko 5 ya saruji ya kilo 50 na toroli tisa hivi za mchanga. Funikeni kwa magunia yaliyolowa kwa siku 7. Siku tatu za mwanzo maji yote machafu ya safu yahifadhiwe kwenye ndoo na kumwagwa kwingine.

Kuna anayedhani tope la nusu kina si tatizo kwa kuwa nusu nyingine bado iko wazi. Hesabu haiendi hivyo. Maji yenye kina kifupi husuguana zaidi na sakafu na kuta, hivyo hupungua wingi na kasi kwa pamoja. Mtaro uliojaa tope hadi nusu hubakiwa na chini ya nusu ya uwezo wake, na ndiyo maana unafurika kwa mvua ambayo zamani haikuwahi kuusumbua.

Chujio, mifuniko na meza zilizokaa juu ya mtaro

Mwanzo wa kila sehemu ya mtaro iliyofunikwa pawekwe chujio la nondo zenye nafasi ya sentimita 2. Lilazwe, upande wa juu ukielekea maji yanakokwenda, ili takataka ziparamie na zivutwe kwa reki. Lisijengewe, liweze kuchomolewa. Pangeni jina la mtu wa kulisafisha asubuhi na jioni. Chujio lisilo na mwenyewe ni bwawa, na heri kutokuwa nalo.

Mifuniko ya zege iwe vipande vidogo. Kipande cha sentimita 60 kwa 50, unene 7, kina uzito wa kilo 50 hivi, na watu wawili wanakiinua kwa vishikio vya nondo. Vile vya mita nzima na zaidi huonekana imara siku ya kwanza, kisha havifunguliwi tena kwa miaka.

Meza iliyojengewa juu ya mtaro itaondolewa. Tunajua inauma, hasa kwa aliyeikuta hivyo alipokuja. Lakini mita mbili zisizofikika zinatosha kusimamisha maji ya safu nzima, na anayeathirika huwa jirani wa juu, siyo mwenye meza. Meza ya kukunja au yenye miguu inayohamishika inaruhusiwa kukaa karibu, mradi kila kifuniko kinaweza kuinuliwa bila kubomoa kitu.

Maji ya vibanda vya chakula

Mpishi akimwaga maji ya sufuria yakiwa ya moto, mafuta yanapita kama maji. Hatua chache mbele yanapoa na kuganda ukutani, mchanga na punje za chakula vinanata juu yake, na baada ya muda mnapata ukoko mweupe wa kijivu ambao reki haiutoi. Kwa hiyo kila sufuria na sahani ikwanguliwe pipani kwanza. Mafuta ya kukaangia yaliyochakaa yawekwe kwenye dumu lenye kifuniko, yasiingie mtaroni kamwe.

Vibanda vitatu hadi vitano vinaweza kushirikiana mtego mmoja wa mafuta. Chukueni pipa la plastiki la lita 100 na mlizike hadi shingoni. Maji yaingie upande mmoja kupitia kikapu cha wavu. Upande wa pili toboeni njia ya kutokea, na kwa ndani mfunge bomba lenye kiwiko kinachotazama chini, mdomo wake ukizama kama sentimita 20 chini ya usawa wa maji. Mafuta huelea, mashapo hutuama, na yanayotoka ni maji ya katikati. Kina cha mafuta na mashapo kwa pamoja kikifika robo ya kina cha pipa, yachoteni. Mkichelewa, mafuta hufika mdomo wa kiwiko na mtego unakuwa njia tu. Msimwage maji yanayochemka au sabuni nyingi kuusafisha, kwani vyote viwili huyeyusha mafuta na kuyapeleka mbele yakagande kwingine.

Mapipa: mangapi, ya aina gani, yakae wapi

Idadi ya mapipa hutokana na kipimo, si kukisia. Kwa siku tatu, ikiwemo siku yenye wateja wengi, kila meza iweke taka zake kwenye ndoo inayojulikana ujazo. Tuseme safu yetu ya meza 20 imetoa wastani wa lita 15 kwa meza, yaani lita 300 kwa siku, na gari la taka huja kila siku. Hesabuni siku moja zaidi, kwa sababu gari litakosa kuja. Inakuwa lita 600, sawa na mapipa 6 ya lita 100.

Kwa nini lita 100, wakati pipa la chuma la lita 200 linapatikana kirahisi? Taka za sokoni ni mbichi na nzito. Lita 200 zikijaa maganda na mboga zilizooza hufika kilo 80 na kuendelea. Wabebaji hawawezi kuliinua, basi huliangusha ubavu na kumimina chini, na nusu inabaki hapo. Pipa la lita 100 watu wawili wanalimudu. Mkiwa tayari mna la lita 200, likateni mara mbili, mpige mikunjo kwenye kingo zilizokatwa na kuweka vishikio.

Lisiwe na tundu chini. Mazoea ya kutoboa pipa ili maji yapungue yanageuza pipa kuwa bomba la kumwaga uozo njiani. Wauza mboga na matunda watikise maji kwanza, na kila pipa likae juu ya kichanja cha sentimita 15 ili pachini paoshwe. Kifuniko kifungwe kwa mnyororo mfupi au bawaba, maana kifuniko kilicho huru hutumika siku mbili kisha kinageuka kiti. Tena kisiwe na bonde linaloshika maji ya mvua, kwani mbu hutagia humo hata pipa lenyewe likiwa safi.

Pipa lisimkae mtu mbali zaidi ya mita 15 hadi 20. Likizidi hapo, mtaro unakuwa jirani kuliko pipa, na mnajua kitakachotokea. Lisisimame juu ya mtaro wala mdomoni mwa kibanda cha chakula. Jivu na makaa viwe na debe lao la bati lenye mfuniko, kwa sababu kaa moja lililodhaniwa limezimika hutoboa pipa la plastiki usiku na kuwasha vyote vilivyomo.

Kuhusu nzi, hesabu ni hii. Yai la nzi huanguliwa ndani ya siku moja, na kwenye joto buu huweza kuwa nzi kamili kwa wiki moja hadi siku kumi. Pipa likimwagwa kila siku, hakuna buu anayefika mwisho. Tatizo ni ukoko unaoganda chini na pembeni. Pipa linalomwagwa kila siku bila kusuguliwa hulea mabuu kwenye ukoko huo, hivyo lisuguliwe kwa brashi na sabuni angalau mara mbili kwa wiki na kulazwa likauke. Ukiona mabuu yanatambaa nje kutafuta pakavu, ujue umeshachelewa siku kadhaa.

Kibanda cha chakula kilichofunikwa

Paa litokeze mbele ya meza kwa sentimita 50 au zaidi, na maji yake yaelekezwe mtaroni kwa kingamaji. Yakidondoka njiani yanarusha matope juu ya chakula hata kama mvua yenyewe haikukifikia. Meza iwe na sehemu ya juu isiyofyonza maji: bati laini, vigae, au mbao iliyofunikwa kwa plastiki ngumu isiyo na nyufa. Hakuna chakula kinachowekwa chini, hata kikiwa ndani ya sufuria.

Kitambaa juu ya chakula hakihesabiki kuwa kifuniko. Mvuke hukilowesha, kinagusa chakula, na nzi anayetembea juu yake huacha alichotoka nacho jalalani kikapenya chini. Kinachotakiwa ni kabati lenye kioo au plastiki ngumu upande wa mteja, na mlango wa kuteleza upande wa muuzaji. Malalamiko ya wauzaji tunayajua: chakula cha kukaanga kikifungiwa kinatota, kwa hiyo mlango unaachwa wazi kutwa nzima na kabati linakuwa pambo. Tatizo ni kabati kukosa pumzi. Toboeni matundu chini kwenye pande mbili na juu karibu na dari, kisha mzibe kwa wavu wenye macho ya milimita 1.5. Hewa baridi huingia chini, mvuke hutokea juu, chakula kinabaki kikavu na mlango unafungika.

Kabati huzuia nzi na vumbi, halizuii muda. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kinachouzwa cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za selsiasi, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kinachopashwa kipashwe hadi katikati yake kuzidi nyuzi 70. Asiye na kipimajoto atazame mvuke: chakula cha majimaji kichemke kwa mapovu na kikorogwe mpaka chini, siyo pembeni tu.

Meza na vyombo vioshwe kwa sabuni na kusuuzwa kwanza, kisha vipitishwe kwenye maji ya klorini: mililita 20 za dawa ya klorini ya asilimia 5 katika lita 5 za maji, ziguse kwa dakika mbili, halafu vikauke kwa hewa. Ukianza na klorini juu ya mafuta, uchafu unaimaliza nguvu kabla haijafika kwa vijidudu. Changanya mpya kila asubuhi, na usiichanganye na siki wala dawa ya kusafishia choo, kwa kuwa hutoa hewa yenye sumu.

Ukaguzi

Mkaguzi atakuja asubuhi kabla meza hazijapangwa, kwani hapo mtaro unaonyesha ulivyolala. Ataangalia kama kuna maji yaliyosimama, atainua kifuniko kimoja cha mtaro atakachokichagua mwenyewe, atainamisha pipa moja kutazama chini yake, na atauliza jina la msafisha chujio wa siku hiyo. Kwenye vibanda atarudi mchana, wateja wakiwa wengi, aone kama milango ya makabati imefungwa.

Ikiwa mtaro wenu una mteremko na hauna tope, lakini mfereji mkuu ndio umejaa na kuwarudishia maji, msiadhibiwe kwa hilo. Andikeni vipimo vyenu vya uzi, tarehe, na kina cha maji kwenye mfereji mkuu siku isiyo na mvua, mviwasilishe ofisi ya afya ya soko kabla ya siku ya ukaguzi. Malalamiko ya mdomo hayafiki mbali. Karatasi yenye namba hupelekwa kwa mhandisi.